Fakitire ya Kukisiwa na Bidoni Kumi

Fakitire ya makadirio ni fakitire ya maji ambayo kiasi chake hakikutoka kwenye mita, kimetoka mezani. Hutolewa pale msoma mita anapokuta geti limefungwa, au kioo cha mita kimeingia ukungu hata namba hazionekani, au mita yenyewe imelala huku maji yakiendelea kupita. Ofisi haiwezi kuandika sifuri, kwani nyumba ya watu saba haipitishi mwezi mzima bila kupika, kufua wala kutia udhu. Kwa hiyo huchukua wastani wa miezi iliyotangulia na kuuandika kana kwamba mtu ameinama akausoma. Kwa mwezi mmoja jambo hilo halina ubaya wowote. Matata huanza mita inapokufa kabisa, kwa sababu kisio la mwezi wa kwanza hukaa hapo mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa nne limeshapata heshima ya ukweli.

Mjini Bujumbura ugomvi wa aina hii ni wa maji kuliko umeme. Umeme wa majumbani hununuliwa kabla ya kutumika, kwa mita za Cash Power: mteja hulipa dirishani au kwa simu, hupata namba 20, huzibonyeza, na taa huwaka. Fedha zikiisha taa huzimika, na giza halihitaji kukadiriwa na mtu. Maji ya shirika la Regideso, ambayo kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika, husafishwa na kusukumwa mjini, hulipwa baada ya kutumika, na kinachokuja baada ya kutumika kina nafasi ya kubishaniwa.

Mtaa wa Asiatique una maumbile yanayoukoleza ubishi huo. Ulipangwa wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kwa ajili ya wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi na Uarabuni, na nyumba zake nyingi zimebaki na sura ya biashara: duka mbele, makazi nyuma, ua katikati. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kinyozi, familia mbili na chumba cha mwanafunzi, wote wakipita geti moja. Mita zao hupangwa ukutani zikiwa zimesogeleana, na mafundi wa vizazi vitatu wameshaongeza, wamekata na kuunganisha mabomba bila kumwachia mrithi mchoro. Juu ya hayo, mkataba wa maji mara nyingi huwa bado uko kwa jina la mwenye nyumba wa zamani, aliyehama miaka mingi iliyopita na ambaye, kwa mujibu wa fakitire, bado anaoga hapo kila siku.

Kupinga fakitire huanza kwa kuisoma, kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu macho hukimbilia chini kulikoandikwa faranga. Penye faida ni katikati, kwenye namba mbili zinazoitwa indeksi: ya zamani na mpya. Indeksi ni jumla ya maji yote yaliyopita kwenye mita tangu ifungwe, kwa meta za ujazo. Tofauti ya indeksi mbili ndiyo matumizi ya mwezi. Meta moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za njano za lita 20. Kama indeksi mpya ni sawasawa na ya zamani lakini matumizi yameandikwa 27, hapo hakuna siri: mita haikutembea, kalamu ndiyo iliyotembea. Dalili nyingine ni matumizi yale yale kurudi mwezi baada ya mwezi. Hakuna familia inayotumia meta 27 mwezi wa nne, 27 mwezi wa tano na 27 mwezi wa sita, hata ikiwa na nidhamu ya kijeshi.

Hatua inayofuata ni kuiendea mita yenyewe. Kwenye mita za kawaida za majumbani, tarakimu nyeusi ni meta kamili za ujazo na ndizo zinazolipiwa. Tarakimu nyekundu, au visahani vidogo vyenye mishale myekundu, ni sehemu za meta, hadi lita moja au chini ya hapo. Katikati kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu ambacho huzunguka hata maji yakiwa membamba kama uzi. Pembeni au kwenye mfuniko kuna namba ndefu, nayo ni namba ya mita. Haihusiani na maji. Inatajwa hapa kwa sababu kuna watu wazima, wenye miwani, walioinakili hiyo badala ya indeksi, wakaenda ofisini kulalamika kwa takwimu inayowadai ziwa zima. Namba ya mita ina kazi yake: ilinganishwe na ile iliyochapwa kwenye fakitire. Zisipofanana, kinyozi amekuwa akilipiwa maji na familia ya nyuma, na kesi imebadilika kuwa nyingine kabisa, yenye majirani ndani yake.

Namba zikifanana, unabaki uchunguzi ambao hauhitaji fundi, nao ni wa bidoni kumi. Mabomba yote ya nyumba hufungwa, mtu mmoja husimama penye mita, na nyota hutazamwa kwa dakika kadhaa. Ikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna pahali panapovuja, na mara nyingi ni tangi la choo. Ikitulia, tarakimu nyekundu huandikwa, kisha bidoni kumi za lita 20 hujazwa kutoka bomba lililofunguliwa wazi. Mita nzima ingepaswa kusogea lita 200 hivi. Ikisogea 150 imechoka. Ikisogea 260 kuna la kusemwa. Isiposogea kabisa imekufa, na shahidi ni bidoni kumi zilizojaa katikati ya ua, ambazo sasa watoto wanaulizana nani atazibeba.

Uchunguzi huu una mipaka yake. Bidoni iliyojazwa hadi mdomoni hupita lita 20, na mita mpya ya maji baridi, kwa kipimo cha kimataifa kinachotumiwa sana, huruhusiwa kukosea asilimia 2 kwa mtiririko wa kawaida na asilimia 5 kwa mtiririko mdogo sana. Asilimia 2 ya lita 200 ni lita 4, ambazo mtoto mmoja asiyetulia huzimwaga kabla hazijahesabiwa. Bidoni kumi hufichua kosa kubwa. Kosa dogo hupimwa karakanani, ambako mita hufungwa kwenye benchi na kupitishiwa kiasi cha maji kinachojulikana kwa kasi tofauti. Mwenye kuomba kipimo hicho afahamu jambo moja kabla ya kugonga meza. Mita ya kimakanika inapozeeka, mara nyingi hupunguza kuliko kuzidisha, kwa kuwa propela yake huchakaa na kukwama. Wapo wateja waliodai mita yao ipimwe kwa kuwa inawaibia, wakajibiwa kwa adabu kwamba imekuwa ikiwapendelea.

Mita hulala kwa sababu chache. Iliyo kuu ni mchanga na kutu vinavyosafiri ndani ya bomba, hasa maji yanaporudi baada ya kukatika: maji ya kwanza huwa ya kahawia na hubeba takataka zote zilizokuwa zimetulia, nazo huziba kichujio au hubana propela. Kurudi huko kwa maji kuna kioja kingine. Bomba tupu huwa limejaa hewa, na hewa inapofukuzwa na maji hupita kwenye mita ikiizungusha kwa kasi, kwa hiyo mteja anaweza kusomewa upepo. Kiasi chake si kikubwa kama inavyodaiwa barazani, lakini pale maji yanapokatika kila siku hujikusanya. Anayefungua bomba la uani usiku kucha ili asikie maji yakirudi hununua hewa hiyo kwa hiari yake.

Ushahidi ukishakusanywa huandikwa barua, kwa Kifaransa au Kirundi, kwa kuwa ndizo lugha za ofisi. Barua nzuri ni fupi. Inataja jina lililo kwenye mkataba, namba ya mteja, namba ya mita, fakitire zinazopingwa na miezi yake, indeksi iliyoonekana na tarehe ilipoonekana, halafu inaomba mambo matatu kwa majina yake: mita isomwe mbele ya mteja, mita mbovu ibadilishwe, na fakitire za makadirio zirekebishwe. Huambatanishwa picha ya mita ambamo indeksi na namba ya mita vinaonekana pamoja. Picha ya indeksi peke yake ni picha ya namba tu. Barua mbaya ina kurasa tatu, imemtaja Mungu mara nyingi, imesimulia maradhi ya mwandishi na haina namba ya mita. Nakala hugongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, na hiyo ndiyo barua yenyewe. Ile nyingine imebaki ofisini, na ofisi zina desturi zake.

Hapa ndipo jina la mkataba linapoleta kichekesho cha Asiatique. Karani huuliza, kwa haki kabisa, kama mwenye mkataba yupo. Hayupo, aliuza nyumba, aliyenunua akafariki, na warithi wakapangisha. Aliye mbele ya dirisha ni bibi wa makamo mwenye fakitire mkononi, ambaye jina lake halifanani na la kwenye karatasi hata kwa herufi moja.

“Hajati, huyu bwana ni nani kwako?”

“Mwanangu, mimi simjui. Namlipia maji tu.”

Jibu hilo ni sahihi lakini halifungui faili. Linalofungua ni karatasi: mkataba wa upangaji au hati ya nyumba, kitambulisho, na barua ya idhini kutoka kwa mmoja wa warithi. Mwenye busara hubadilisha jina la mkataba mapema, wakati hakuna ugomvi, kwa sababu kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja kwenye dirisha moja ni kujitakia foleni mbili. Na wakati shauri likiendelea, mteja halipi sifuri. Hulipa ile sehemu asiyoibishia, yaani matumizi yake ya kawaida, na kuomba risiti iandikwe hivyo. Dirisha likikataa malipo ya nusu, ombi la kulipa kwa awamu huwekwa kwenye barua. Asiyelipa kabisa huhamishwa kimyakimya kutoka faili la wanaolalamika hadi orodha ya wanaokatiwa, na anayekuja na spana huwa hajaiona barua.

Kisha hufika siku ya kusomwa. Msoma mita huja wakati wake, na nyumba nzima humfuata ukutani pamoja na kinyozi, ambaye amemwacha mteja kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kila mtu husoma indeksi kwa sauti. Linalohitajika ni karatasi yenye indeksi, namba ya mita, tarehe na sahihi za pande mbili. Iwapo mita inang'olewa siku hiyo hiyo, karatasi hiyo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa mita ikishaingia kwenye mfuko wa fundi haionekani tena. Iandikwe indeksi ya kufungia ya mita ya zamani, na namba na indeksi ya kuanzia ya mita mpya. Mstari huo mmoja huepusha janga litakaloelezwa mbele.

Hesabu yenyewe ifuatwe kwa mfano. Nyumba ya watu saba hutumia meta 18 hivi kwa mwezi. Januari ilisomwa 17 na Februari 19. Machi ilisomwa 45, kwa sababu tangi la choo lilivuja zaidi ya nusu lita kila dakika, usiku na mchana, na mwenye choo alidhani ni mvua. Fundi akaliziba. Mwanzoni mwa Aprili mita ikalala kwenye indeksi 1,846. Ofisi ikachukua wastani wa miezi mitatu, 17, 19 na 45, ikapata 27, na kuiandika Aprili, Mei, Juni na Julai: jumla meta 108. Mwishoni mwa Julai ikafungwa mita mpya, ambayo Agosti ilionyesha 17 na Septemba 18. Wastani wake ni 17.5, na kwa miezi minne ni 70. Kilichozidishwa ni meta 38.

Mteja akiifikisha hesabu hii dirishani huwa tayari kudai na Machi irudiwe, na hapo hukosea. Meta 45 za Machi zilisomwa na mita nzima na zilipita kweli. Kwamba zilikwenda moja kwa moja chooni ni habari ya mteja na choo chake. Anachoweza kusema ni kwamba Machi haifai kuwa kipimo cha miezi mingine kwa kuwa uvujaji ulizibwa, na risiti ya fundi huthibitisha. Ofisi nayo inaweza kujibu kwamba Agosti na Septemba si sawa na Aprili, mwezi wa mvua. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake ni fakitire za Aprili hadi Julai za mwaka uliotangulia. Ndiyo maana fakitire za zamani hazifungiwi karanga.

Ugumu mwingine uko kwenye bei. Maji ya nyumbani hutozwa kwa ngazi: meta za mwanzo za mwezi ni nafuu, zinazofuata ni ghali zaidi. Tuseme ngazi ya ghali inaanza baada ya meta 20. Kila mwezi uliokisiwa 27 ulitozwa meta 20 kwa bei nafuu na 7 kwa bei ya juu. Kwa miezi minne, meta 28 zilipanda ngazi. Matumizi halisi ya 17.5 hayafiki 20 hata mara moja. Kwa hiyo katika zile 38 za kurudishwa, 28 zilitozwa kwa bei ya juu na 10 kwa bei nafuu, na zinapaswa kurudi vivyo hivyo. Karani mwenye haraka huzirudisha zote 38 kwa bei nafuu, na mteja mwenye furaha hatambui. Kosa hili lina pacha wake. Iwapo mita ilikuwa haijasomwa kwa miezi minne lakini ni nzima, na makadirio yalikuwa ya chini, tofauti yote huweza kupakiwa kwenye mwezi mmoja, ikaruka ngazi kana kwamba familia ilikunywa maji ya msimu mzima katika wiki nne. Neno la kuomba hapo ni kugawanya: matumizi yagawanywe kwa miezi ambamo yalitokea, kila mwezi upate ngazi zake.

Sasa lile janga. Mita yenye tarakimu tano nyeusi ikifika 99,999 hurudi 00000, na mashine ya kutoza imefundishwa hivyo. Indeksi ya kufungia isipoingizwa, mashine huona 1,846 ikifuatwa na 17. Haiwazi kwamba mita imebadilishwa. Huwaza kwamba mita imezunguka yote na kuanza upya, hivyo hupiga 100,000 kutoa 1,846 kujumlisha 17, na kutoa fakitire ya meta 98,171 kwa mwezi wa Agosti. Hayo ni mabwawa 39 ya kuogelea ya Olimpiki yenye meta 2,500 kila moja, yaliyopita ndani ya ua wenye mwembe mmoja na kamba ya nguo.

Fakitire hiyo huzua vilio, lakini kwa kweli ndiyo rahisi kuliko zote kuipinga, kwa sababu hujipinga yenyewe. Mita ya kawaida ya nyumba, ya bomba la milimita 15, imeundwa kwa mtiririko wa kudumu wa karibu meta 2.5 kwa saa. Bomba likiachwa wazi bila kufungwa siku zote 31 za Agosti, na maji yasikatike hata dakika moja, sharti ambalo peke yake lingewafanya watu wa mtaa wacheke, zingepita meta 1,860. Fakitire inadai mara 52 ya hapo na zaidi. Mstari huo ukiandikwa kwenye barua, na karatasi ya kung'olewa mita ikiambatanishwa, hakuna karani atakayebishana. Shida ni kwamba mashine inayotoa amri za kukata maji haisomi barua, kwa hiyo barua hii hupelekwa siku ile ile, na nakala yake yenye muhuri hubandikwa kwenye geti.

Anayeshindwa kuelewana na ofisi hupanda ngazi za ofisi hiyo hiyo, kutoka dirishani hadi mkuu wa biashara, kwa barua ya pili inayotaja tarehe ya kwanza. Nchini Tanzania msomaji mwenye shida kama hii ana mlango mwingine baada ya mamlaka yake ya maji, nao ni EWURA, ambayo hupokea malalamiko yaliyokwisha kupitia kwa mtoa huduma. Mkuu wa mtaa hana madaraka juu ya indeksi, ingawa huombwa mara nyingi, na ingawa mara nyingi hukubali kuja kuitazama mita kwa makini sana.

Marekebisho yakikubaliwa, fedha hazirudi mkononi. Huandikwa kama salio kwenye fakitire zinazofuata, na fakitire ya kwanza hutoka ikiwa na alama ya kutoa mbele ya jumla. Isitupwe, na asiende mtu dirishani kudai alipwe kiasi hicho. Kinachokaguliwa ni mambo mawili: kwamba indeksi iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye mita mpya, na kwamba salio linapungua kila mwezi kwa thamani ya matumizi halisi. Kwa nyumba ya mfano, meta 38, nyingi zikiwa za bei ya juu, hutosha Oktoba na Novemba nzima na kubakiza kitu kidogo. Desemba salio huisha, alama ya kutoa huondoka, na Hajati hudaiwa faranga za sehemu iliyobaki, kwa jina la yule bwana asiyemjua.